Kocha na wafuasi wake: kionjo gani kinaleta anwani ya barua pepe?

Soko la makocha wa biashara limejaa kupita kiasi. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayefungua Instagram asubuhi kabla ya kufungua fremu hukutana na watu watatu au wanne wanaomfundisha kuagiza mzigo China, kupanga bei au kuwekeza kwenye hisa na hatifungani. Wengi wao wanafahamu wanachokisema. Hata hivyo, ukiwauliza mtaji wao ni nini, watakutajia idadi ya wafuasi. Hapo ndipo safu hii inapotofautiana nao, kwa kuwa daftari la wafuasi liko mikononi mwa mwenye mtandao, na kocha ni mpangaji tu kwenye kibaraza.

Mifano ipo. Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita, na aliyekuwa na darasa la kuuza jioni ile hakuwa na pa kulitangazia. Januari 2021 Serikali ya Uganda iliufunga Facebook kuelekea uchaguzi mkuu. Hapa Tanzania mtandao wa X ulifungwa Mei 2025. Lakini hasara kubwa zaidi ni ile ya kila siku isiyopiga kelele: kocha anaweka tangazo, na mtandao wenyewe unaamua ni wafuasi wangapi watakaoliona. Mara nyingi ni sehemu ndogo tu ya wale anaojisifia.

Kuna watakaosema dawa ni WhatsApp. Kwa mazungumzo ya mtu mmoja mmoja hakuna kinachoishinda. Kwa kutangazia watu wengi ina mipaka yake: orodha moja ya kutumia ujumbe kwa pamoja haipokei zaidi ya watu 256, na ujumbe huo humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Kundi nalo linachukua watu 1,024, ila ndani yake kila mmoja anauza chake, na namba za wateja wako zinaonwa na mshindani aliyejipenyeza. Orodha ya barua pepe ni faili. Kocha anaweza kuipakua leo, akahama nayo kesho kwenda kwa mtoa huduma mwingine, na hakuna wa kumwamulia nani apate barua na nani asipate, isipokuwa mitambo ya kuchuja taka, ambayo tutaizungumzia baadaye.

Sasa swali la biashara ni hili: mfuasi aliyezoea kutazama video bure atoe anwani yake kwa sababu gani? Maneno ya "jiandikishe upate habari zetu" hayajamsogeza mtu. Lazima apewe kitu mkononi, papo hapo, kama muuza machungwa anavyokumenyea kipande uonje kabla hujatoa pesa. Tukiite kionjo. Na makosa mengi ya makocha yanaanzia katika kuchagua kionjo chenyewe.

Kionjo kinachopendwa na makocha ni kitabu kidogo cha kurasa 40 au 50, chenye picha ya kocha kwenye jalada. Safu hii haikipendi. Mwenye duka hana muda wa kurasa 40. Anakipakua, anakiweka, anakisahau. Zaidi ya hapo, karibu kila kilichomo kocha ameshakisema kwenye video zake, kwa hiyo mfuasi hana haja ya kutoa anwani ili asome alichokwisha kukisikia. Kionjo kinachofanya kazi ni kile ambacho kwa asili yake hakiwezi kukaa kwenye Instagram. Ama ni faili ambalo mtu atajaza tarakimu zake mwenyewe, ama ni jibu linalomhusu yeye peke yake, ama ni taarifa inayobadilika na kuhitaji kuletwa tena na tena. Vitu hivyo vitatu vinahitaji anwani ili vifike, na mtu anaona sababu ya kuitoa bila kushawishiwa.

Tuchukue kocha anayefundisha wafanyabiashara wadogo kuagiza bidhaa Guangzhou. Kwa mtu kama huyo, kionjo bora tunachokiona ni jedwali moja la kukokotoa gharama halisi ya bidhaa moja hadi ikae kwenye rafu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano, ila namna zinavyokwenda itatambuliwa na yeyote aliyewahi kuleta mzigo.

Mwenye fremu anaagiza raba jozi 200 kwa yuani 45 kila jozi. Tuseme yuani moja ni shilingi 360, basi jozi inamsimamia shilingi 16,200. Kwenye karatasi ya kichwani anaongeza "nauli kama elfu nane" na kupata 24,200. Anauza 28,000, na anaamini anapata 3,800 kwa kila jozi. Sasa tufungue jedwali. Mzigo umechukua mita za ujazo 1.6, na wakala anatoza shilingi 1,000,000 kwa mita moja pamoja na ushuru, kwa hiyo meli ni 1,600,000, ambayo kweli ni 8,000 kwa jozi. Hadi hapo mfanyabiashara hakukosea. Lakini kuna kamisheni ya mnunuzi aliyeko China ya asilimia 5 ya bei, yaani 162,000. Kuna makato ya kutuma fedha ya asilimia 2, yaani 64,800. Kuna usafiri kutoka kiwandani hadi bohari ya wakala na mkokoteni wa kuingiza dukani, 60,000. Halafu jozi 10 zimefika zimebonyea, au ni namba 46 ambazo hakuna anayeuliza. Gharama yote ni 5,126,800, nayo inabebwa na jozi 190 zinazouzika. Kila moja imesimama kwenye shilingi 26,983. Faida ya 3,800 imekuwa 1,017, na kodi ya fremu bado, mshahara wa kijana bado, umeme bado.

Jedwali zima lina mistari saba ya kujaza na kanuni moja. Kuanzia juu kwenda chini ni idadi ya bidhaa, bei ya moja kwa shilingi, meli, kamisheni, kutuma fedha, usafiri mdogo mdogo, na zisizouzika:

```
=(B1*B2+B3+B4+B5+B6)/(B1-B7)
```

Ugawaji wa mwisho, ule wa kutoa zisizouzika, ndio unaowashtua watu. Mfanyabiashara anayeweka tarakimu zake na kuona faida ikiporomoka mbele ya macho yake amepata kitu cha thamani bila kulipa, na papo hapo amepata swali jipya: nipunguze wapi? Nikusanye mzigo na jirani, nibadili bidhaa, au nipandishe bei? Darasa la kocha linajibu swali hilo. Kionjo kinamaliza kazi moja kabisa na kuifungua ya pili. Kitabu cha kurasa 40 hakifanyi hivyo. Ama kinamwaga darasa zima bure, ama kinamzungusha msomaji bila kumpa lolote.

Kuna jambo moja la kitaalamu hapa linalowaangusha wengi. Jedwali likitengenezwa kwa Google Sheets na kiungo kikatumwa kama kilivyo, ama mtu atakuta hawezi kuandika, ama watu mia watakuwa wanaandika kwenye karatasi moja na kusomeana siri za biashara. Njia ni kuliruhusu lisomwe na kila mwenye kiungo, kisha kubadili mwisho wa kiungo, pale palipoandikwa `/edit` na yanayofuata, paandikwe `/copy`. Anayebonyeza anaulizwa kama anataka nakala yake, nayo inahifadhiwa kwake. Kocha alijaribu kwanza kwenye simu ya bei ndogo, kwani wateja wake wengi hawana kompyuta, na kwenye skrini ndogo jedwali lenye safu tano halisomeki. Safu mbili zinatosha.

Sasa namna ya kulipeleka sokoni. Kocha anatengeneza video fupi akiwa na raba mkononi, anaonyesha hesabu ya kichwani ya mfanyabiashara hadi kwenye ile faida ya 3,800, kisha anafika kwenye jozi 10 zisizouzika na kutaja faida halisi. Hafichi jibu. Wapo wanaoshauri kulificha ili watu wasumbuke. Sisi tunaona mtazamaji aliyeoneshwa hesabu nzima ya raba za mtu mwingine ndiye anayetamani kuiona ya kwake. Mwishoni anasema: anayetaka jedwali ajaze ya kwake, aandike neno HESABU hapa chini. Kwa kuwa viungo vinavyoandikwa kwenye maelezo ya chini ya picha ya Instagram havibonyezeki, jibu lenye kiungo linapelekwa kwenye ujumbe wa faragha. Kocha mdogo anaweza kujibu kwa mkono, na siku za mwanzo ni vizuri afanye hivyo, kwa sababu atasikia watu wanauza nini na wanalalamikia nini. Baadaye kazi hiyo inaweza kupewa mtambo.

Kiungo kinaelekea kwenye ukurasa wenye jambo moja tu. Sentensi moja ya ahadi, kwa mfano "Jua jozi moja, gauni moja au simu moja inakusimamia shilingi ngapi hasa". Picha ya jedwali lenyewe. Nafasi mbili za kujaza, jina la kwanza na barua pepe. Kila nafasi inayoongezwa inapunguza wanaojaza, na namba ya simu ndiyo inayotia watu hofu zaidi siku hizi za matapeli. Chini yake kuna mstari unaosema atapata nini baada ya hapo na mara ngapi.

Jedwali lisionyeshwe kwenye ukurasa huo baada ya kujiandikisha. Litumwe kwenye barua pepe, papo hapo. Sababu ni mbili. Kwanza, aliyeandika anwani ya uongo hapati kitu, na aliyekosea akaandika gmail.con anagundua na kurudi. Pili, na hili ni kubwa zaidi kwetu, watu wengi hapa nchini wana Gmail kwa kuwa walipoanza kutumia simu iliwadai anwani, wakatengenezewa na fundi wa dukani na hawajaifungua tena. Barua ya kwanza yenye kitu wanachokitaka ndiyo inayowafanya waitafute programu hiyo kwenye simu. Kocha mwerevu anamwandikia tena kwenye ujumbe wa faragha: "Nimekutumia. Usipoliona, angalia Spam, kisha liweke kwenye Inbox." Ujumbe huo mmoja mfupi huokoa anwani nyingi ambazo zingepotea.

Barua hiyo ya kwanza iombe jibu. Swali moja tu: unaagiza bidhaa gani, na jedwali limekupa shilingi ngapi? Anayejibu amefanya mambo mawili. Amemfundisha Gmail kwamba hawa wawili wanaandikiana, jambo linalosaidia barua zijazo zisitupwe kwenye taka, na amempa kocha taarifa ya soko ambayo hakuna mtandao utakaomuuzia. Kocha aliyepokea majibu 60 ya namna hiyo anajua darasa lijalo liwe la nguo za watoto au la vifaa vya simu.

Ni kweli msomaji anaweza kuuliza: wafanyabiashara wetu wanasoma barua pepe kweli? Inategemea kocha anafundisha nani. Anayeagiza mzigo anapokea ankara, taarifa za benki na nyaraka za forodha kwa barua pepe, ameshazoea. Mwekezaji mdogo wa hisa hupata taarifa zake kutoka kwa dalali kwa njia hiyo hiyo. Kocha wa hao wawili asisite. Lakini anayefundisha mama lishe au vijana wa bodaboda, ushauri wetu ni kwamba asipoteze fedha. Hao aende nao kwa simu na kwa kikao cha ana kwa ana.

Kwa upande wa wawekezaji wadogo, jedwali lina ndugu yake wa kutazamwa: kalenda ya gawio. Kampuni zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam hutangaza gawio kwa nyakati tofauti za mwaka, na kila moja ina siku ya kufunga daftari la wanahisa. Aliyenunua baada ya siku hiyo hapati gawio la mwaka huo hata kama hisa ziko mkononi. Kocha anaweza kuandaa ukurasa mmoja wenye tarehe zilizokwisha kutangazwa, gawio kwa hisa, na kinachobaki baada ya kodi ya zuio, ambayo kwa gawio la kampuni zilizoorodheshwa ni asilimia 5. Uzuri wake kama kionjo ni kwamba ukurasa huo unachakaa. Kampuni nyingine ikitangaza, kalenda ya mwezi uliopita haina maana, na mtu anabaki kwenye orodha kwa hiari ili aletewe mpya. Tahadhari ni moja. Tarehe na kodi ni taarifa. Kumwambia mtu anunue hisa ipi na auze ipi ni ushauri wa uwekezaji, nao unahitaji leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kionjo cha "hisa tano za kununua mwezi huu" kinaleta anwani nyingi na kinaweza kumletea kocha barua ambayo hakuiomba.

Vionjo vya jibu binafsi, yaani maswali kumi ya kujipima na mwisho mtu anaambiwa yuko kundi gani, tunavipitia kwa haraka. Vinaleta watu, ila kuvitengeneza vizuri ni kazi, na makocha wengi huishia kumwambia kila mmoja jibu lile lile. Mtu akigundua rafiki yake amepewa matokeo sawa na yake, imani imekwisha.

Tuje kwenye bei, kwa maana ukurasa huu ni wa bei. Anwani moja inagharimu shilingi ngapi na inaleta nini? Tena kwa mfano, tuwe na makocha wawili, kila mmoja na wafuasi 18,000. Wa kwanza anatangaza zawadi ya simu ya 450,000 kwa bahati nasibu: jiandikishe ushinde. Anapata anwani 600 kwa wiki moja, na kila anwani imemgharimu shilingi 750. Anafurahi. Wa pili anatangaza jedwali mara nane kwa miezi miwili. Kila video inaonwa na watu 2,400, watu 90 wanaandika HESABU, 60 wanafungua ukurasa, 36 wanaacha anwani, na baada ya kuondoa zilizokosewa zinabaki 31. Kwa mara nane ni anwani 248. Gharama yake ni jina la tovuti, tuseme 40,000 kwa mwaka, na jioni kadhaa za kazi. Kila anwani imemgharimu shilingi 161.

Wote wawili wanatangaza darasa la 80,000. Kwenye orodha ya bahati nasibu wananunua wawili, mapato 160,000, na hasara ya 290,000 kwenye simu peke yake. Watu wale walitaka simu. Kuna mwanafunzi wa chuo pale na kuna mtu wa mkoani asiye na duka. Kwenye orodha ya jedwali wananunua kumi, mapato 800,000. Tarakimu hizi kila kocha atazibadilisha na zake, lakini azipange kwa mpangilio huu: walioona, walioandika neno, waliofungua, walioacha anwani, zilizo hai, walionunua. Zikipangwa hivyo, ugonjwa unajionyesha mahali ulipo. Wengi wakiandika neno na wachache wakifungua kiungo, jibu la faragha linachelewa. Baada ya saa kadhaa mtu ameshasahau alichoomba. Wakifungua na wasiache anwani, ukurasa unaomba mengi au ahadi yake haifanani na video. Wakiacha anwani na wasinunue, kionjo kinavuta watu wasio wateja, au hakigusi kile kinachouzwa.

Kipimo kimoja kiachwe: idadi ya barua zilizofunguliwa. Tangu Septemba 2021 simu za Apple zina utaratibu wa faragha unaopakia picha za barua hata kabla mwenyewe hajaisoma, hivyo mitambo huhesabu imefunguliwa wakati haikufunguliwa. Waliobonyeza, waliojibu na waliolipa ndio wa kuhesabiwa.

Mitambo ya kuchuja taka nayo imekuwa mikali. Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo wanadai anayetuma barua kwa wingi awe na jina lake la tovuti lililothibitishwa kwa taratibu za SPF, DKIM na DMARC, aweke njia ya kujiondoa kwa kubonyeza mara moja, na malalamiko ya taka yasifike asilimia 0.3. Wingi wanaoutaja kwa Gmail ni barua 5,000 kwa siku, na kocha mdogo hafiki huko, ila uthibitisho wa msingi unamhusu hata mdogo. Kwa lugha ya duka, katika barua 1,000, wapokeaji watatu wakibonyeza "hii ni taka" umefika kwenye mstari mwekundu. Kocha anayetuma kupitia huduma ya barua nyingi huku akitumia anwani yake ya bure inayoishia na gmail.com atashangaa hazifiki. Zile 40,000 za jina la tovuti ndizo zinazoondoa tatizo hilo, na mtoa huduma yeyote wa barua atampa mistari miwili mitatu ya kunakili kwenye mipangilio ya jina hilo.

Malalamiko hayo huzaliwa wapi? Mara nyingi kwenye ukimya. Mtu alichukua jedwali Machi, hakusikia lolote hadi Agosti, kisha akapigwa na tangazo la darasa. Hamkumbuki kocha, anabonyeza taka. Baada ya barua ya jedwali, ya pili ifike siku ya pili, ikieleza kosa moja la kawaida, kwa mfano mtu aliyejaza gharama ya ndege inayotozwa kwa kilo kwenye mstari wa meli inayotozwa kwa ujazo. Ya tatu, siku ya tano, ipitie mzigo mmoja mzima kama tulivyofanya na raba. Mwaliko wa darasa uje kwenye ya nne, siku ya tisa au kumi. Kisha kila Jumatatu barua fupi yenye thamani ya yuani na bei za mawakala kwa mita ya ujazo wiki hiyo, ili mwenye jedwali abadilishe mistari yake miwili. Barua hiyo ya Jumatatu ndiyo inayofanya jedwali lifunguliwe tena mwezi wa sita.

La mwisho ni la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamgusa pia kocha mwenye orodha ya majina 248. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, aseme anazikusanya kwa kazi gani, na asizitumie kwa kazi nyingine. Kenya wana sheria ya namna hiyo tangu 2019. Kwa vitendo maana yake ni kwamba kocha aliyekusanya anwani kwa ajili ya jedwali la gharama hana ruhusa ya kumuuzia orodha hiyo rafiki yake wa bima, wala kuingiza humo namba na anwani alizozitoa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara wa jengo lake. Watu hao hawakuomba jedwali, na wao ndio watakaokuwa wa kwanza kubonyeza taka.